Macho Yalikuwa Mekundu Kwa Nini? "Had Been" Katika Zoezi la Kujaza Nafasi

Ubaoni pameandikwa sentensi mbili fupi za Kiingereza. Ya kwanza imekamilika: "Her eyes were red." Ya pili ina nafasi iliyoachwa wazi: "She ______." Pembeni mwalimu ameweka kitenzi "cry" na kuagiza kiwekwe katika wakati unaofaa. Darasa la sekondari likipewa swali hili, majibu matatu hayakosekani. Wapo watakaoandika "was crying", wapo watakaoandika "had cried", na wapo watakaoandika "had been crying". La nne, "had being crying", nalo hujitokeza katika daftari moja moja, na lina habari yake.

Mtunzi wa swali anataka jibu la tatu. Kuna macho mekundu, hilo linaonekana. Nafasi iliyo wazi inauliza yalifikaje hapo. Mazoezi ya aina hii yamejaa katika vitabu vya sarufi ya Kiingereza, kuanzia vile vya shuleni hadi English Grammar in Use cha Raymond Murphy, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1985 na ambacho walimu wengi wa lugha hiyo wanakijua. Karibu yote yana umbo moja. Sentensi moja inaeleza hali iliyoonekana zamani: mtu kaloa, mtu kachoka, chumba kinanuka. Nyingine ina nafasi ya kueleza kilichosababisha hali hiyo.

Muundo wenyewe si mgumu. Linaanza neno "had", linafuata "been", kisha kitenzi chenye "-ing" mwishoni. "Had" haibadiliki hata mtendaji akibadilika: "I had been crying", "she had been crying", "they had been crying". Wanafunzi waliosumbuliwa na "has" na "have" hupumua hapa. Ugumu hauko katika kuunda maneno hayo matatu, uko katika kujua ni lini sentensi inayahitaji.

Sentensi za namna hii zina nyakati mbili, zote zimepita. Kuna saa ya ushahidi, yaani pale mtu alipoonekana na macho mekundu, na kuna saa ya tendo, ambayo ilitangulia. "Had" inampeleka msomaji nyuma ya saa ya ushahidi. "Been" pamoja na "-ing" zinamwambia kwamba huko nyuma kulikuwa na shughuli iliyochukua muda, ikaendelea hadi kukaribia saa ya ushahidi au kuifikia kabisa.

Sasa "was crying" ina kosa gani? Kisarufi haina kosa. Inasema jambo jingine: machozi yalikuwa yakitiririka wakati uleule macho yalipoonekana mekundu. Anayesema "she had been crying" anakisia kutokana na alama iliyobaki. Hakumkuta mtu akilia, alikuta macho.

Kwa msemaji wa Kiswahili, hapa ndipo penye mtego. Lugha yake inampa "alikuwa akilia" au "alikuwa analia", na maneno hayo hayo yanafaa kote kuwili. "Nilipoingia alikuwa akilia" ni kilio kinachoendelea. "Macho yalikuwa mekundu kwa sababu alikuwa akilia" inaweza kuwa kilio kilichokwisha, na hakuna Mswahili atakayelalamika kwamba hajaelewa. Muktadha unatosha. Wapo waalimu wanaojaribu kuziba pengo hilo kwa kutafsiri neno kwa neno, wakapata "alikuwa amekuwa akilia". Sentensi hiyo haisikiki Kariakoo, Mombasa wala Bukavu. Imezaliwa darasani na inabaki darasani.

Kiswahili kina njia nyingine iliyo karibu zaidi: "alikuwa ametoka kulia", "alikuwa ametoka kukimbia". Mwanafunzi anayesoma "He was out of breath. He ______" na kitenzi "run" anaweza kujiuliza kama "alikuwa ametoka kukimbia" inakaa vizuri. Ikikaa, na mkimbiaji amesimama pale anahema, basi "had been running" ndilo jibu. Lakini njia hii isiaminiwe kupita kiasi, kwa sababu "ametoka kula" inaweza kumaanisha mlo uliokwisha kabisa, na hapo Kiingereza huenda kikataka "had eaten".

Uamuzi mgumu zaidi ni kati ya "had been" na "had" peke yake. Chukua mwanamke mmoja na mlango mmoja. Jumamosi asubuhi alipaka mlango rangi ya buluu. Mchana jirani akapita, na mtunzi wa zoezi akaandika: "Her hands were covered in paint. She ______ the door." Kisha, mstari wa chini: "The door was blue now. She ______ it." Kitenzi ni "paint" kote kuwili, mtendaji yuleyule, kazi ileile. Majibu hayafanani. La kwanza ni "had been painting" na la pili ni "had painted".

Tofauti imetoka kwenye ushahidi. Katika sentensi ya kwanza jirani anaona mikono, na mikono huchafuka kwa sababu ya shughuli yenyewe, ile saa nzima ya kuchovya brashi na kupaka. Hata kama mlango haujaisha, mikono ingekuwa vilevile. Katika ya pili anaona mlango, na mlango hauwi wa buluu mpaka kazi ikamilike. Alama ikiwa kwa mtendaji, au katika mahali na hewa, mara nyingi inaeleza shughuli. Alama ikiwa katika kitu kilichotendwa, inaeleza matokeo.

Hapo sikio la Kiswahili halimwangushi mtu. "Alikuwa akipaka mlango" na "alikuwa ameupaka mlango" ni mambo mawili tofauti, na mtoto wa darasa la pili anazitofautisha bila kufundishwa. "-ki-" inaonyesha kazi inavyokwenda, "-me-" inaonyesha kazi iliyofika mwisho. Kwa hiyo mwanafunzi yuleyule ambaye Kiswahili kilimponza katika "was crying" anaweza kukitegemea hapa. Ajabu ni kwamba waalimu wengi hufundisha tofauti hii kama jambo geni kabisa, ilhali kijana anaingia darasani akiwa nayo tayari.

Mfano wa mkate unalionyesha jambo hili vizuri. Mtu anarudi nyumbani anakuta mkate wake umebaki nusu na makombo yametapakaa mezani. Kiingereza kinasema: "Somebody had been eating my bread." Angekuta sahani tupu, angesema: "Somebody had eaten my bread." Katika hali ya kwanza ulaji ulianza, ukaendelea, haukumaliza. Katika ya pili mkate umekwisha. Lakini mtunzi akiandika "half my bread" ndani ya sentensi yenye nafasi, mambo yanageuka tena. Sasa kiasi kimetajwa, nusu imeliwa na kazi ya kula hiyo nusu imekamilika, kwa hiyo jibu ni "had eaten". Swali likijibu "ngapi" au "kiasi gani", Kiingereza huiacha "-ing". Likijibu "kwa muda gani", huikaribisha.

Waandishi wa habari za ajali katika magazeti ya Kiingereza wana sentensi yao ya kila siku: "The driver had been drinking." Haisemi alikunywa chupa ngapi wala alikunywa nini, na msomaji haulizi kama kinywaji kilikuwa maji. Ni pombe, na gari limo mtaroni. Ukiweka "had drunk" hapo, msomaji anabaki akingoja kitajwe kinywaji, maana umbo hilo linaelekeza macho kwenye kitu kilichomalizwa. Harufu ya sigara chumbani nayo ni mfano wa namna hiyo: "Somebody had been smoking in the room." Hakuna sigara mezani, hakuna mvutaji. Iko hewa tu.

Si kila sababu inakubali "had been", na hapa ndipo mwanafunzi aliyekariri kanuni bila kuisoma sentensi huanguka. "His leg was in plaster because he ______ it." Kitenzi ni "break". Hali ya zamani ipo, sababu imeulizwa, hata "because" imewekwa. Lakini mguu huvunjika mara moja. "He had been breaking it" ingetoa picha ya mtu aliyekaa akiuvunja mguu wake kidogo kidogo tangu asubuhi. Jibu ni "had broken". Vivyo hivyo kwa kukosa basi, kupoteza funguo, kusahau jina au kufika. Matendo haya hayana tumbo. Yana mwanzo na mwisho mahali pamoja.

Lipo pia kundi la vitenzi ambavyo Kiingereza hakipendi kuvipa "-ing" hata jambo likidumu miaka. "Know" ni kimojawapo, na "believe", "own", "want" pamoja na "have" yenye maana ya kumiliki ziko karibu nacho. Marafiki wawili walielewana upesi kwa sababu walijuana tangu utotoni: "They had known each other since childhood." Muda ni mrefu, "since" ipo, na bado "had been knowing" haikubaliki. Sababu ni kwamba kujua si shughuli ambayo mtu anaweza kuonekana akiifanya. "Want" na "have" huwa na nyufa zake, lakini mtihani wa sekondari haufiki huko.

Baada ya hayo, inafaa kukitazama kifungu kizima, kwa sababu mtihani hauleti sentensi mbili mbili kila mara. Tuseme mwalimu ametunga hiki:

"Asha reached home at six. The sun was shining, but the yard was full of puddles. It (1) ______ most of the afternoon. The kitchen was thick with smoke and her mother's eyes were red, because she (2) ______ on wet firewood since four o'clock. There were twelve chapatis on the plate. She (3) ______ them all by herself. Asha's little brother was sitting on the step, and his cheeks were still wet. He (4) ______, because he (5) ______ his ball. Grandfather was smiling. He (6) ______ all along where the ball was."

Vitenzi vilivyotolewa, kwa mpangilio huo, ni "rain", "blow", "make", "cry", "lose" na "know".

Kabla ya kugusa nafasi yoyote, msomaji makini anatafuta saa ya ushahidi. Hapa ni saa kumi na mbili jioni, Asha anapofika. Vitenzi vilivyokwisha kuandikwa, yaani "reached", "was" na "were", vyote vimesimama kwenye saa hiyo. Hatua hii moja inaondoa "has been" katika kifungu chote. Lingekuwa suala la sasa, "her eyes are red", hapo "has been" ingekuwa na haki yake. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwa sababu hawakurudi nyuma neno moja kuona kama ni "are" au "were".

Nafasi ya kwanza inahusu mvua. Jua linawaka, kwa hiyo "was raining" imefungiwa mlango. Madimbwi ni alama iliyobaki mahali, na muda umetajwa, sehemu kubwa ya alasiri. Jibu ni "had been raining". Ya pili inamhusu mama na kuni mbichi. "Since four o'clock", yaani tangu saa kumi, haikubali kukaa na "was blowing" katika Kiingereza cha mtihani, inadai "had". Macho na moshi vinadai shughuli. Jibu ni "had been blowing". Hapa kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka: huenda mama bado anapuliza Asha anapoingia. Umbo hili haliapi kwamba shughuli imekoma. Linasema tu kwamba ilianza kabla na muda wake unahesabika hadi saa ile. Ndiyo maana abiria waliokuwa bado kituoni basi likifika wanaweza kuelezwa kwa "they had been waiting for two hours".

Ya tatu inabadilisha mwelekeo. Chapati kumi na mbili ziko sahanini, zimehesabiwa, na "them all" inasema hakuna iliyobaki. Ushahidi umehama kutoka kwa mpishi hadi kwenye chakula. Jibu ni "had made". Mwanafunzi aliyefanikiwa katika ya kwanza na ya pili huteleza hapa kwa mazoea, akidhani zoezi zima linataka jibu la aina moja.

Katika ya nne, neno dogo "still" ndilo linalobeba swali. Mashavu yalikuwa bado yameloa, kumaanisha kilio kimekoma na unyevu umebaki. "Had been crying". Papo hapo inafuata ya tano, sababu ya sababu: alilia kwa kuwa mpira umepotea. Kupoteza ni tendo la mara moja, hivyo "had lost". Sentensi moja ina "had been" na "had" zikiwa zimekaa jirani, na hakuna ubaya. Ya sita ni "had known", ingawa "all along" inamshawishi mtu aandike "-ing". Babu alikuwa anajua muda wote, lakini kujua kwake hakuonekani.

Sasa urudi kwenye nafasi ya kwanza, maana ina kasoro ambayo si ya mwanafunzi. Mtu akiandika "It had rained most of the afternoon", Mwingereza hatashtuka. Ni sentensi sahihi. "Had been raining" inaelekea zaidi kwa sababu inaunganisha mvua na madimbwi yake, lakini "had rained" haiwezi kuitwa kosa. Hali ni hiyo hiyo kwa vitenzi kama "live" na "work" vinapofuatana na muda: "had lived there for ten years" na "had been living there for ten years" hutofautiana kidogo sana. Msahihishaji mwenye mwongozo wa jibu moja atamkata mtoto alama kwa sentensi ambayo ingepita katika gazeti lolote la London.

Kwa hiyo utunzi nao ni kazi. Swali maarufu kuliko yote, "The road was wet. It ______", ni baya sana likiachwa hivyo. Majibu matatu yanaingia: mvua ingeweza kuwa inanyesha, ingeweza kuwa imenyesha, ingeweza kuwa ilikuwa ikinyesha hadi dakika chache kabla. Mtunzi makini anafunga milango. Anaweka jua ili aondoe "was raining". Kisha, kwa kuwa "had rained" inakataa kutoka, anaandika katika maagizo kwamba umbo la kuendelea litumike kila linapowezekana, au anakubali majibu yote mawili na kutoa alama. Mwalimu anayesema "swali langu lina jibu moja tu" ajaribu kwanza kulijibu kwa njia tatu kabla ya kulipeleka kwa mpigachapa.

Mitihani mingine hukwepa mgogoro huu kwa kuacha wazi neno moja tu badala ya kitenzi kizima. Aina hiyo ya jaribio ilielezwa na Wilson Taylor, Mmarekani, mwaka 1953, na lengo lake la awali lilikuwa kupima kama maandishi fulani yanasomeka kwa urahisi, si kupima sarufi ya wanafunzi. Leo karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE wa Kenya ina kifungu cha namna hiyo chenye alama 10. Mtihani wa B2 First wa Cambridge unacho pia, katika sehemu ya pili, chenye nafasi 8, kila nafasi neno moja.

Katika kifungu cha neno moja, "had been crying" haiwezi kuulizwa nzima. Mtunzi anaandika "She had ______ crying" au "She ______ been crying", na kazi ya mwanafunzi inakuwa kusoma pande zote mbili za nafasi. Akiona "had" kushoto na "-ing" kulia, neno la katikati ni "been". Akiona "been crying" kulia, lazima aamue kati ya "has", "have" na "had", na hapo anarudi kwenye saa ya ushahidi: vitenzi vya jirani viko wakati gani?

Hapa ndipo "had being" inapodai maelezo. Wasemaji wengi wa Kiswahili hutamka "been" na "being" karibu sawa, na sikio linaloandika kwa kufuata matamshi huchagua yoyote. "Being" haiwezi kufuata "had" katika umbo hili. Namna ya kujihakikishia ni kuhesabu "-ing": muundo unahitaji moja tu, na makazi yake ni kwenye kitenzi kikuu. Zikiwa mbili, moja imevamia. Zikiwa hazipo, kama katika "had been cry", imesahauliwa. Katika kifungu cha neno moja hakuna nusu alama; "being" mahali pa "been" ni sifuri.

Tahajia ya "-ing" yenyewe ina mitego michache. "Run" na "dig" huongeza herufi, zikawa "running" na "digging". "Lie" huwa "lying", iwe ni kulala au kusema uongo. "Travel" na "quarrel" kwa Kiingereza cha Uingereza hupata "l" mbili, "travelling" na "quarrelling". "Cry" haipotezi chochote. Maneno haya hurudi mara nyingi katika mazoezi ya sababu kwa kuwa kukimbia, kuchimba, kusafiri, kugombana na kulia ni shughuli zinazoacha alama mwilini: jasho, udongo, vumbi, uso uliokunjamana, macho.

Sehemu ya nne ya B2 First huuliza jambo lilelile kwa kulificha zaidi. Mtahiniwa anapewa sentensi, neno moja ambalo halibadilishwi, na sentensi ya pili yenye nafasi ya maneno mawili hadi matano. Swali la aina hiyo lingeweza kuwa hivi: "She started waiting at noon and the doctor arrived at three." Neno ni "for". Sentensi ya pili: "She ______ three hours when the doctor arrived." Jibu ni "had been waiting for", maneno manne. Hakuna macho mekundu hapa wala matope viatuni. Mtahiniwa anatoa muda kutoka kwa saa mbili zilizotajwa, saa sita mchana na saa tisa, na kuugeuza kuwa subira iliyodumu. Akiandika "was waiting for", saa tatu zinabaki zikielea bila kitenzi kinachozibeba, na alama ya nusu ya kwanza ya jibu inapotea.

Umbo la kukanusha hufuata njia ileile na huulizwa mara chache kuliko linavyostahili. "He looked ill. He ______ well." Kitenzi ni "sleep" na neno "not" limewekwa kando yake. Jibu ni "had not been sleeping", na "not" inaingia baada ya "had", si baada ya "been". Katika swali, "had" hutangulia mtendaji: "Had you been waiting long?" Kifupisho "he'd been" kinakubalika katika mazungumzo na barua za kirafiki, ila Cambridge hukihesabu "he'd" kama maneno mawili, kwa hiyo hakimsaidii mtu anayetaka kubana nafasi ya maneno matano.

Mwanafunzi mwenye karatasi mbele yake na dakika chache mkononi asianze na kitenzi alichopewa. Aisome sentensi ya jirani, aweke kidole kwenye kitenzi chake kuona kama ni "are" au "were", kisha aulize alama iliyoonekana iko kwa nani: kwa aliyefanya kazi au katika kazi yenyewe. Na mwalimu anayesahihisha, akikuta "had rained" mahali alipotarajia "had been raining" na swali lake halikuifunga njia hiyo, ampe mtoto alama yake.